Andiko dhana la kurasa mbili kwa mfadhili: nina kurasa tisa za mwani, nianze kukata wapi?

Katibu_Kiuyu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kinamama wakulima wa mwani upande wa Kiuyu, Wilaya ya Micheweni, Pemba. Tuko 48. Kuna mfadhili ametangaza ruzuku ndogo isiyozidi shilingi milioni 50, na kabla ya andiko kamili anataka andiko dhana, hii ambayo wengi tunaiita konsepti noti. Kurasa mbili tu. Ndani yake anataka aone tatizo, njia tutakayoifuata, matokeo na bajeti. Zimebaki wiki tatu.

Nimeandika na nimetoka na kurasa tisa. Kila nikitaka kukata roho inaniuma, kwa sababu kila aya ni kilio cha mwanachama aliyesimama kikaoni akakisema kwa mdomo wake. Naweka hapa mwanzo wake mnisaidie:

> Zanzibar ni nchi ya visiwa ambayo uchumi wake unategemea sana bahari. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja na baadaye kikaenea Pemba, ambako sasa ndiko kunakotoka mwani mwingi zaidi. Wengi wa wakulima ni wanawake. Hata hivyo wakulima hawa wanakabiliwa na changamoto nyingi zikiwemo bei ndogo, mabadiliko ya tabianchi, ukosefu wa vifaa, ukosefu wa elimu, ukosefu wa masoko na ukosefu wa mitaji. Mradi huu utawajengea uwezo wanawake ili wajikwamue kiuchumi.

Bajeti ina mashine ya kusaga mwani, vifaa vya kutengenezea sabuni, boti ya kufika maji ya kina, kompyuta mbili, pikipiki, machanja ya kuanikia na semina tatu. Jumla 48,600,000.

Kusi_Kaskazi

Waalaykum salaam dada. Nimesaidia jumuiya kama nne kuandika haya mambo. Kwanza punguza ukubwa wa herufi hadi 9 na pembezoni zibane, utashangaa kurasa tisa zinavyokuwa tano. Pili soma tangazo la mfadhili na penseli mkononi, maneno anayoyarudia ndiyo uyarudishe kwenye andiko lako. Akisema "ustahimilivu", nawe sema ustahimilivu. Tatu ongeza takwimu za kitaifa, wafadhili wanapenda tatizo kubwa. Na bajeti umefanya vizuri kukaribia dari. Ukiomba kidogo wanaona huna uwezo wa kusimamia fedha.

Fundi_Wete

Dada, hayo machanja mnajenga lini? Mimi ni fundi seremala Wete, nina vijana watatu. Kama mnatafuta fundi, nipe idadi na vipimo nikupe bei leo leo.

Katibu_Kiuyu

Ahsante fundi, bado hatujapata fedha, ndiyo kwanza tunaomba. Nitakukumbuka.

MamaWaChake

Binti, nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya kuchambua maombi kama hilo lako. Nikueleze tulivyokuwa tukisoma. Tunakaa watu watano, mezani pana maombi mengi, na kila moja linapata dakika kumi au pungufu kabla halijawekwa upande huu au ule. Mimi nilikuwa naanza na bajeti, kisha matokeo, ndipo narudi kwenye tatizo. Nilikuwa natafuta kitu kimoja: je, fedha hii inakwenda kutibu ugonjwa ule ule uliotajwa juu?

Kwako tatizo limetajwa mara sita ndani ya sentensi moja, na bajeti ina vitu saba ambavyo kila kimoja kinatibu ugonjwa wake. Boti ni ya tabianchi, sabuni ni ya soko, kompyuta sijui ni ya nini. Msomaji hawezi kuushika huo uzi hata umpe kurasa ishirini.

Kuhusu herufi, usimsikilize Kusi hapo. Matangazo mengi yanataja ukubwa wa herufi na pembezoni, na andiko lililobanwa huwekwa kando kabla halijasomwa. Lakini la kurudisha maneno ya mfadhili amesema kweli, lifanye.

Sasa kabla hujakata hata neno moja, nijibu hivi. Mna daftari la mauzo? Na mwezi uliopita, siku mnunuzi alipokuja, ni kitu gani hasa kilichowapunguzia fedha? Usiniambie changamoto. Nieleze alifanya nini.

Katibu_Kiuyu

Daftari lipo Bi Mkubwa, mimi ndiye naliandika.

Mnunuzi akija hukaa chini ya mkungu pale karibu na ghala letu. Anafungua polo, anatia mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa konzi ya mwani kutoka katikati, sio juu. Anaifikicha juu ya kipande cha karatasi. Kama mchanga unashuka, anasema "huu wa pili". Kisha anaufinya, ukiwa laini na unarudi kama mpira, anasema "bado una maji", nao anauweka wa pili. Mwani safi mkavu ananunua kilo shilingi 900, wa pili 500. Hapo hakuna mjadala, kampuni ni hiyo moja inayokuja kwetu.

Nimekaa jana usiku na daftari la miezi 12. Tumeuza kilo 24,000 za mwani mkavu, wote ni wa aina ya spinosamu, maana aina ya kotonii kwetu ilikufa zamani na hatuipandi tena. Katika hizo, kilo 9,600 zilikwenda kwa bei ya pili. Na sababu ni kwamba wengi tunaanika chini, kwenye mchanga au juu ya makuti. Masika mvua ikitukuta mwani uko chini, chumvi inasafishika, unakuwa mweupe, mwingine unaoza tunautupa. Unaotupwa hatuuandiki.

Jambo jingine nililoliona kwenye daftari, ambalo sikuliandika kwenye kurasa tisa. Kuna wenzetu sita waliojitengenezea machanja mwaka huu kwa fito na nyavu kuukuu za dagaa. Katika miezi minne walileta kilo 900, na zilizokataliwa bei ya kwanza ni 126 tu.

MamaWaChake

Mwanangu, umeficha dhahabu chini ya kitanda ukaenda kukopa.

Tupige hesabu pamoja, taratibu. Kilo 9,600 katika 24,000 ni asilimia 40. Hao sita wenye machanja, 126 katika 900 ni asilimia 14. Kwa hiyo ukisema mradi utashusha mwani wa bei ya pili kutoka asilimia 40 hadi 15, hakuna mtu kwenye kamati atakayekuuliza umeitoa wapi hiyo 15. Umeitoa kwenu, kwa mikono ya wanachama wenu.

Sasa asilimia 15 ya 24,000 ni kilo 3,600. Maana yake kilo 6,000 zinahama kutoka 500 kwenda 900. Tofauti ni shilingi 400 kwa kilo, jumla 2,400,000 kwa mwaka. Gawa kwa 48, kila mwanachama anapata 50,000 zaidi kwa mwaka bila kupanda kamba hata moja ya ziada.

Hapa ndipo ninapotaka usimame. Bajeti yako ni 48,600,000. Mchambuzi atachukua kalamu afanye mgawanyo huo huo: milioni 48 na ushei ili watu wapate milioni mbili na laki nne kwa mwaka. Miaka 20 ndiyo irudi. Nilikuwa naufanya mgawanyo huo pembeni mwa karatasi, na hapo maombi mengi yaliniangukia mkononi, mengine ya watu wema kabisa.

Kwa hiyo kukata kurasa kuache kwanza. Kata mradi. Ondoa mashine, sabuni, boti, kompyuta, pikipiki. Baki na kuanika. Ukishafanya hivyo, kurasa saba zitaondoka zenyewe, na hutakuwa umekata kilio cha mtu. Hivyo vilio vingine viweke kwenye faili, vina siku yake.

Niandikie bajeti ya kuanika tu.

Jambiani_Mwani

Samahani kuingilia, lakini mimi sikubaliani kuacha habari ya bahari kuwa moto. Huku kwetu Jambiani tuliipoteza kotonii, ile yenye bei nzuri, maji ya ufukweni yalipopata joto. Inaanza ncha kuwa nyeupe kama imemwagiwa maji moto, kisha inakatika yenyewe kwenye kamba. Tatizo kubwa la mwani ni hilo, na wafadhili wa tabianchi ndio wenye fedha.

Tuliandika kurasa mbili kuhusu hilo, kupeleka kamba maji ya kina. Tukakataliwa. Barua ilisema, nainukuu kwa maana, kwamba hatukuonyesha nani ataogelea. Na kweli, katika kikundi chetu cha kinamama 30 walikuwa wanajua kuogelea wawili. Hatukuandika hilo kwa sababu tuliona aibu. Tuliandika "wanawake watajengewa uwezo wa kufanya kazi kwenye kina kirefu". Mpaka leo nikiliona neno kujengewa uwezo moyo unashtuka.

MamaWaChake

Dada wa Jambiani, pole, na umesema jambo kubwa kuliko ulivyokusudia. "Kujengewa uwezo" ni maneno yanayofunika swali. Mchambuzi akiliona anajua hapo chini kuna kitu hakijafikiriwa. Mngeandika "28 kati ya 30 hawajui kuogelea, kwa hiyo miezi miwili ya mwanzo ni mafunzo ya kuogelea", labda mngepata.

Joto la bahari ni tatizo la kweli. Ila binti wa Kiuyu hana dawa yake mkononi, ana dawa ya mchanga na mvua. Kurasa mbili zinabeba tatizo ambalo mwombaji ana dawa yake.

Kusi_Kaskazi

Bi Mkubwa nakuheshimu, na la herufi nimelikubali. Lakini hili la kuomba kidogo bado napinga. Nimeona mfadhili akirudisha ombi la milioni sita akisema gharama ya kulisimamia, kulikagua na kulitembelea inakaribia hiyo milioni sita. Tangazo linasema hadi 50. Mtu akileta saba anaonekana hakusoma.

Katibu_Kiuyu

Nimeandika bajeti. Machanja 42, maana sita yapo, kila moja 80,000, ni 3,360,000. Maturubai ya kufunikia 48 kwa 35,000, ni 1,680,000. Ghala tunalo ila sakafu inapanda unyevu na mwani mkavu unavuta maji tena, kwa hiyo vichanja vya chini na kuziba bati ni 960,000. Mafunzo ya siku mbili, wale wenzetu sita ndio walimu, 500,000. Mizani moja 350,000. Usafiri, gharama za benki na ufuatiliaji 350,000. Jumla 7,200,000.

Nikigawa kwa 48 ni 150,000 kwa mwanachama. Na kwa 2,400,000 kwa mwaka, fedha inarudi kwa miaka mitatu. Nimeipenda hesabu hii, lakini maneno ya Kusi yananitia hofu.

Fundi_Wete

Mimi nilidhani mnaita fundi, kumbe mnaandika. Lakini mnitegee sikio kwenye hiyo 80,000, hapo nina ya kusema.

Chanja la mita 6 kwa moja na nusu linataka nguzo nane, fito ndefu nne, za kukata kwa kati, misumari na wavu. Ukinunua wavu mpya hutoki chini ya 115,000. Kwa 80,000 inawezekana tu kama wavu mnao wenyewe. Nguzo tumieni mvinje wa kupandwa. Msithubutu kuandika boriti za mikoko, mtu wa misitu akiliona karatasi hilo mmekwisha, na mfadhili vilevile.

La pili. Mvinje uliochimbiwa kwenye mchanga wa chumvi, chini kunaoza. Miaka miwili, ukibahatika mitatu. Wengine wanapaka oili chafu ya gari kwenye shina, msifanye hivyo, huo mwani watu wanakwenda kuula. Simamisha nguzo kwenye kopo la zege lililojazwa na kukauka, hapo utapata muda. Sasa dada anasema fedha inarudi kwa miaka mitatu. Kama chanja linakufa mwaka wa pili inakuwaje?

MamaWaChake

Fundi, ungekuwa kwenye kamati yetu ungetusaidia sana. Hilo ndilo swali la uendelevu, na watu huliandikia aya nzima ya "mradi utakuwa endelevu kwa sababu jamii imeshirikishwa". Wewe umelijibu kwa kopo la zege.

Binti, fanya mambo mawili. Wavu wa zamani mnaopewa na wavuvi uandike kwenye bajeti kama mchango wenu. Tofauti ya 115,000 na 80,000 ni 35,000, mara 42 ni 1,470,000. Weka safu mbili kwenye jedwali, moja ombi, moja mchango wa kikundi. Mfadhili akiona kikundi kinatia karibu milioni moja na nusu kwa kitu kinachoshikika, anasoma kwa jicho jingine.

La pili, nguzo. Ulizeni wanachama kama wako tayari kukatwa shilingi 20 kwa kila kilo siku ya mauzo. Mwanachama anayeuza kilo 500 kwa mwaka anaweka 10,000. Kwa miaka mitatu ana 30,000, za kubadili nguzo zilizooza. Sentensi moja tu inatosha kwenye andiko. Lakini waulizeni kweli, usiliandike bila kikao.

Kusi, kuhusu dari. Unayoyasema yapo, nimeyaona. Kuna wafadhili ambao ombi la milioni saba linawapa kazi kuliko fedha yenyewe. Dawa yake ni kutafuta watu zaidi wenye ugonjwa ule ule. Kujaza pikipiki hakusaidii. Kama kuna vikundi viwili jirani vinavyoanika chini, waingizwe, bajeti ipande kwa sababu machanja yamekuwa mengi. Lakini hapo unaingia shida nyingine: wale jirani hawana daftari. Ile asilimia 40 ni ya Kiuyu peke yake. Mimi mwenyewe sina hakika ningechagua lipi.

Katibu_Kiuyu

Kikao tumefanya juzi baada ya alasiri, maji mafu watu hawakwenda pwani kwa hiyo walikuja wengi. Shilingi 20 wamekubali, wawili walinung'unika kwamba kuna michango mingi mno, tumewasikiliza, mwisho wakakubali. Walioumia ni wale waliotaka sabuni. Bibi mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo mimi niliyesema sabuni nimesema bure?" Sikuwa na jibu zuri.

Hii ndiyo aya mpya ya tatizo:

> Wanachama wetu 48 waliuza kilo 24,000 za mwani mkavu katika miezi 12 iliyopita. Kilo 9,600, yaani asilimia 40, zililipwa shilingi 500 badala ya 900 kwa sababu zilikuwa na mchanga au unyevu. Sababu ni kuanika chini: wanachama 42 hawana machanja, na wakati wa masika mvua huukuta mwani ukiwa juu ya mchanga. Wanachama sita waliotengeneza machanja yao mwaka huu wamelipwa bei ya pili kwa asilimia 14 tu ya mwani wao.

Nimeacha ya 1989, nimeacha nchi ya visiwa. Maneno 68. Ya zamani tatizo peke yake lilikuwa kurasa mbili na nusu.

MamaWaChake

Iache hivyo hivyo, usiiguse tena.

Sasa njia na matokeo, maana hapo ndipo wengi hutumbukia wakiwa wameshavuka mto. Kwenye njia usieleze falsafa. Eleza nani anafanya nini, mwezi gani baada ya fedha kuingia. Na hapa pana mtego wa kwetu: machanja yanatakiwa yasimame kabla ya masika, yaani Machi isifike. Fedha za ruzuku huchelewa. Zikiingia Aprili mtakuwa mnachimba nguzo kwenye mvua, na mtapoteza msimu ambao ndio ungewaonyesha tofauti. Andika wazi kwamba ujenzi unahitaji wiki sita na kwamba fedha ikiingia baada ya Januari kipimo cha masika kitasubiri mwaka unaofuata. Watu huogopa kuandika hivyo wakidhani wanaonyesha udhaifu. Mchambuzi anaona mtu anayejua bahari yake.

Jambo jingine dogo, liangalie mwenyewe. Kwa nini chanja moja kila mwanachama, kwa nini si moja kwa wawili? Atakuuliza.

Katibu_Kiuyu

Hilo naliweza bila daftari. Kila mwanachama anauza kama kilo 21 kavu kwa bamvua moja, yale maji makubwa yanayorudi kila wiki mbili. Kwetu kilo nane mbichi zinatoa moja kavu, kwa hiyo anavuna mbichi 165 hivi. Chanja hilo la fundi linabeba kilo 55 mbichi ukitandaza vizuri usirundike, ukirundika wa chini unachemka. Basi ni mizunguko mitatu, na kila mzunguko jua likiwa zuri ni siku tatu. Siku tisa katika 14 za kutoka bamvua hadi bamvua. Wawili wakishirikiana wanahitaji siku 18, mmoja wao atarudi kuanika chini.

MamaWaChake

Sentensi mbili za hayo ziingie kwenye njia. Ndiyo inayoonyesha kwamba idadi 42 haikutoka hewani.

Matokeo yawe matatu tu, na yote yasomwe kwenye daftari moja. Machanja 42 yamesimama na yanatumika. Mwani wa bei ya pili umeshuka hadi asilimia 15 ifikapo mwezi wa 12. Kipato cha mwanachama kimeongezeka kwa wastani wa shilingi 50,000 kwa mwaka, kwa bei za sasa. Hayo maneno manne ya mwisho usiyasahau, kesho mnunuzi akishusha bei usije ukaambiwa umeshindwa. Na msihesabu shehia nzima kuwa wanufaika. Niliwahi kusoma ombi la machanja lenye wanufaika 5,000, nikalirudisha kwa sababu hiyo peke yake. Ninyi ni 48, andika 48.

Na ule mwani unaooza msiouandika, anzeni kuuandika leo. Kwenye andiko sema tu kwamba upo na mmeanza kuupima. Usikisie kilo.

Jambiani_Mwani

Niulize kitu kinachonikera. Kama mnunuzi ni mmoja, nani kasema mwani ukiwa safi wote atalipa 900 kwa wote? Kwetu tulipoboresha, kwa msimu mmoja alilipa, msimu uliofuata akasema sasa wote mnaleta mzuri, basi bei ni moja, akaiweka katikati.

Kusi_Kaskazi

Hilo zito. Ombeni barua ya mnunuzi aseme atalipa bei ya kwanza kwa mwani wa kiwango fulani cha ukavu na usafi. Barua ya namna hiyo hata kama ni aya moja inasimama kuliko takwimu zote za kitaifa nilizosema mwanzo.

MamaWaChake

Nakubaliana na Kusi kwa asilimia mia. Na dada wa Jambiani, hiyo ndiyo hatari ya kweli ya mradi huu. Iandikwe kwenye mstari wa hatari kama ilivyo, kwa jina lake: mnunuzi mmoja. Usiandike "mabadiliko ya soko".

Fundi_Wete

Na mimi bei yangu ya 80,000 naiweka kwenye karatasi kama fundi, na muhuri. Vijana watatu, machanja manne kwa siku kama nguzo zimeshakatwa. Unaweza kuambatanisha?

MamaWaChake

Soma tangazo. Kama wamesema viambatanisho haviruhusiwi, usitie hata kimoja. Taja tu kwamba bei imetoka kwa fundi wa Wete na karatasi ipo.

Katibu_Kiuyu

Nimefika ukurasa wa pili robo tatu. Kitu kimoja kimenishtua. Niliandika kwa Kiswahili, maneno kama 720, nikadhani nina nafasi tele. Mjukuu wa mwenyekiti aliyesoma skuli ya Mjini akageuza kwa Kiingereza, kikamwagika hadi ukurasa wa tatu. Neno letu moja, "hawakutulipa", huko limechukua maneno matano. Tumekaa naye usiku mzima tunabana, tukaishia kuondoa aya ya historia ya kikundi na kuibakiza mistari miwili: tumeanza lini, tumesajiliwa, tuna akaunti ya benki na daftari la mauzo.

Vikundi jirani niliwaendea. Kimoja wamekubali kuanza daftari bamvua hii. Kingine wanasema tukipata sisi kwanza ndipo watakuja. Kwa hiyo naomba kwa 48, shilingi 7,200,000, na nimeongeza sentensi kwamba kikundi cha jirani kimeanza kupima kwa njia hiyo hiyo.

Barua ya mnunuzi bado. Wakala alisema yeye haandiki kitu bila ofisi ya Unguja, na ofisi ya Unguja haijibu simu. Kesho kutwa ni bamvua, atakuja kupima. Nitakaa naye chini ya mkungu nimuombe mbele ya kinamama wote, polo likiwa wazi.

Jambiani_Mwani

Akikataa tuambie alisema nini, neno kwa neno.

Katibu_Kiuyu

Nitaandika hapa hapa inshaallah.